Barua ya Kushukuru Haitoshi

"Nafasi ni ya kujitolea, ila huenda baadaye ikazaa kazi." Sentensi hii niliambiwa katika ofisi ndogo iliyobanwa ubavuni mwa ghala la shirika moja la msaada, kule Zone Industrielle, Bujumbura, mahali ambapo asubuhi harufu ya kimea kutoka kiwanda cha bia huchanganyika na moshi wa malori. Mratibu wa wanaojitolea aliitamka kwa upole, akiwa anafunga daftari lake. Nami niliyekuwa nimejiandaa kwa maswali ishirini juu ya uwezo wangu sikuwa na swali hata moja juu ya sentensi ile. Nilisema, "Asante sana, Madamu," nikatoka. Nilipofika getini zamu aliniuliza kama nimepata, nikamjibu kwamba inaonekana nimepata. Nimepata nini? Hapo ndipo makala haya yanapoanzia.

Ninataka kubishana na fundisho moja ambalo sisi wanafunzi tumelimeza bila kutafuna. Fundisho hilo linasema kwamba baada ya mahojiano, barua ya kufuatilia ni barua ya adabu: unashukuru, unakumbusha kwamba unaipenda nafasi, unasema unasubiri kwa hamu, basi. Katika semina za kutafuta kazi tunapewa hata mfano wa kunakili. Nyumbani tunaambiwa jambo lilelile kwa maneno mengine. Mjomba wangu, mtu wa Buyenzi ambaye amekula chumvi nyingi, alinionya nisiandike kitu chochote zaidi ya shukrani, kwa kuwa "anayeomba maji hachungulii mtungi." Wenzangu darasani walikuwa na dawa ya upande wa pili: mpigie simu kila siku mpaka akuchoke akuchukue. Pande hizi mbili zinagombana, lakini mimi naona ni ndugu wa tumbo moja. Zote zinadhani kwamba kinachokosekana ni upendeleo wa mratibu, kwamba akishapenda sura yako mambo yatajipa. Zote hazimuulizi neno lolote.

Mimi nasema hivi: nafasi ya kujitolea inapopambwa kwa ahadi ya kazi, barua ya kufuatilia ndiyo pahali pekee ambapo ahadi ile inaweza kupimwa kabla hujaanza kuilipia kwa miguu yako. Barua isiyopima ni karatasi iliyopotea.

Kwanza tuelewane juu ya huyu mratibu ni nani, maana hasira ya vijana wengi humwangukia yeye bure. Mashirika mengi ya msaada hayana mfuko mmoja mkubwa ambao mkubwa wa ofisi anachota mshahara kwa yeyote aliyempendeza. Yanaishi kwa miradi. Mradi una mfadhili, una tarehe ya kuanza na tarehe ya kufa, na una bajeti iliyoandikwa mstari kwa mstari: mstari wa mafuta ya gari, mstari wa kodi ya ghala, mstari wa mtunza stoo, mstari wa mhasibu nusu ya muda. Mtu hulipwa kwa sababu kuna mstari wenye jina la cheo chake. Kama mstari haupo, mratibu anaweza kukupenda kama mwanawe wa kuzaa na bado asiweze kukulipa hata faranga moja. Ili mstari mpya uingie, yapo mambo mawili tu. Ama mradi mpya upatikane, na cheo hicho kiwe kimeandikwa ndani yake tangu siku ya kuomba fedha, ama mfadhili akubali bajeti ya sasa ibadilishwe. Na hata mstari ukishapatikana, kwa kawaida shirika hutangaza nafasi na kupokea maombi ya watu wote, wewe ukiwa mmoja wao. Mratibu wa wanaojitolea katika safari hiyo yote huulizwa maoni. Anayeamua ni mkuu wa mradi, mtu wa fedha, na mtu wa wafanyakazi.

Kwa hiyo anaposema "huenda ikazaa kazi," hadanganyi. Anasema jambo lililo nje ya mamlaka yake, kwa nia njema, kama jirani anayekuambia mvua itanyesha. Kosa ni letu sisi tunaolima kwa utabiri huo bila kutazama juu.

Mwaka 2025 utabiri huo ulikuwa mgumu kuliko kawaida. Tarehe 20 Januari serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje kwa siku 90 ili ipitiwe upya, na siku chache baadaye miradi katika nchi nyingi ilipokea amri ya kusimamisha kazi. Mwezi uliofuata, mapigano ya Kivu yalipofika Bukavu na kushuka bonde la Rusizi, makumi ya maelfu ya Wakongo walivuka mto na kuingia Cibitoke. Tazama mambo haya mawili yakiwa pamoja. Kwa upande mmoja kazi ziliongezeka ghafla, na hasa kazi zinazotaka mtu anayejua Kiswahili, kwa sababu mama aliyetoka Kamanyola au Uvira haelezi ugonjwa wa mtoto wake kwa Kifaransa, na muuguzi wa Kirundi anaweza kukosa neno moja ambalo ndilo lenye ugonjwa wote. Kwa upande mwingine fedha za kulipia kazi hizo zilikuwa zinakatwa. Pengo kati ya kazi iliyozidi na fedha iliyopungua lilikuwa lazima lizibwe na kitu, na kitu kilicho karibu zaidi ni kijana asiye na ajira anayejua lugha tatu.

Nafasi niliyohojiwa mimi ilikuwa ya namna hiyo. Siku tatu kwa juma, saa mbili asubuhi hadi saa saba mchana. Kazi zenyewe ni kusaidia kuandika fishi za stoo ghalani, na siku za kugawa kwenda na timu kutafsiri kati ya Kiswahili, Kirundi na Kifaransa. Nilipofika nyumbani nilichukua kalamu. Saa tano kwa siku, siku tatu kwa juma, ni saa 15. Kwa mwezi ni kama saa 60. Waliongea juu ya miezi sita, yaani saa 360. Ukizigawa kwa juma la kazi la saa 40 unapata majuma tisa kamili ya kutwa. Hiyo ni zaidi ya miezi miwili ya mfanyakazi mzima, na ni mfanyakazi aliyechaguliwa kwa ujuzi wake.

Hapa nitasema jambo ambalo wengi wetu hatulijui, na ambalo lilinibadilisha namna ya kuandika barua. Saa hizo kwako ni bure, lakini kwenye vitabu huenda si bure. Wafadhili wengi hutaka shirika nalo lichangie sehemu ya gharama za mradi. Kanuni za fedha za serikali ya Marekani, kwa mfano, zinaruhusu kazi ya mtu anayejitolea ihesabiwe kuwa mchango wa shirika, na ipewe thamani inayolingana na malipo ya kazi kama hiyo. Umoja wa Ulaya nao una njia yake ya kuitambua kazi ya kujitolea katika bajeti. Sioni ubaya wa kanuni hizo. Ni haki kabisa kazi ihesabiwe. Ninachosema ni kwamba ikiwa mfadhili anaweza kuambiwa saa zangu zina thamani gani, mimi mwenyewe nisione haya kuuliza zina mwisho gani.

Najua atainuka mtu aseme kwamba kijana huyu anaipiga vita roho ya kujitolea. La. Mkutano wa kimataifa wa Msalaba Mwekundu ulipitisha kanuni zake saba huko Vienna mwaka 1965, na mojawapo ni kujitolea bila tamaa ya faida. Vijana wa Msalaba Mwekundu wa Burundi wanaobeba watu kwenye machela mafuriko yanapoingia Gatumba hawakuahidiwa mshahara, wala hawaudai; waliambiwa ukweli tangu siku ya kwanza, nao wakakubali. Upande mwingine kuna mpango wa wajitoleaji wa Umoja wa Mataifa, ulioundwa mwaka 1970. Wao wanamwita mtu mjitoleaji, lakini wanampa posho ya kuishi kila mwezi na karatasi yenye tarehe ya kuanza na ya kumaliza. Njia hizi mbili zinatofautiana kama mchana na usiku, ila zote mbili ni nyoofu. Ninayoshambulia ni ya tatu, ile ya katikati, inayochukua saa kama za mfanyakazi, inalipa kama ya Msalaba Mwekundu, halafu inaning'iniza ajira mbele ya uso wako kama majani mbele ya mbuzi.

Sheria haikusaidii sana katika njia hiyo ya tatu. Kanuni ya Kazi ya Burundi, iliyofanyiwa marekebisho kwa sheria namba 1/11 ya tarehe 24 Novemba 2020, inamlinda mfanyakazi, naye hutambulikana kwa kufanya kazi chini ya amri ya mwingine akilipwa. Usipolipwa, mguu mmoja wa meza haupo. Jirani zetu wa Tanzania wamejaribu kuutazama mlango huu kwa jicho kali zaidi. Sheria yao ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004, kifungu cha 61, inataja dalili kadhaa za kumdhania mtu kuwa mwajiriwa, na mojawapo ni kwamba amemfanyia kazi mwingine kwa wastani wa saa 45 au zaidi kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita. Saa zangu 60 zingelivuka kizingiti hicho kwa urahisi. Sisemi kwamba kifungu hicho kingenipa mshahara Bujumbura, wala kwamba kiliandikwa kwa ajili ya wajitoleaji. Nakitaja kwa sababu kinaonyesha kwamba hata wanasheria wanajua kuna mahali ambapo jina la "msaidizi tu" huacha kufanana na mambo yenyewe.

Basi, barua. Niligawa kufuatilia kwangu mara mbili, na nashauri hivyohivyo. Jioni ya siku ileile ya mahojiano nilituma ujumbe mfupi wa shukrani kwa simu, sentensi mbili, bila swali. Hilo ni deni la adabu na hulipwa mara moja. Sina ugomvi nalo. Barua yenyewe niliipeleka siku ya saba. Kwa nini ya saba? Kwa sababu hawakunipa tarehe ya jibu. Wangenipa tarehe, ningengoja ipite na siku mbili za kazi juu yake. Ukiandika mapema zaidi unakuta hawajakaa kikao. Ukichelewa zaidi ya juma la pili unakuta mwingine ameshapewa fulana.

Niliiandika kwa Kifaransa, kwa kuwa ofisi hizo huandikiwa kwa Kifaransa, nikaichapa nakala mbili. Ningeweza kuituma kwa baruapepe peke yake, na niliituma pia. Lakini barua ya karatasi ina nguvu moja ambayo kila karani wa Bujumbura anaijua: unaacha nakala moja kwa sekretari, na ya pili unapigiwa muhuri wa kupokelewa, wenye tarehe. Muhuri huo haukupi kazi. Unafanya jambo dogo tu, kwamba barua yako sasa imeandikwa kwenye daftari la barua zilizoingia na mtu anapaswa kuijibu au kuamua kutoijibu. Ujumbe wa simu huzama chini ya picha za harusi na sala za asubuhi. Nilitembea kutoka Buyenzi mpaka kule viwandani, maana wiki ile mafuta hayakuwapo na foleni ya basi ilikuwa imezunguka kona mbili. Zamu alinikumbuka. "Umeanza kazi?" Nikamwambia bado, nimeleta barua.

Ilikuwa inasema hivi, nikiieleza kwa Kiswahili:

"Madamu Mratibu, nakushukuru tena kwa mahojiano ya Jumanne iliyopita juu ya nafasi ya kujitolea katika ghala na ukalimani. Bado naitaka, na naweza kuanza mwanzoni mwa mwezi ujao. Ulisema kwamba nafasi hii huenda baadaye ikaleta kazi ya kulipwa. Ili nipange masomo yangu vizuri, naomba unisaidie kujua mambo manne. Mradi nitakaousaidia unamalizika lini? Je, katika bajeti yake, au katika mradi ambao umeshaombewa fedha, kipo cheo cha kulipwa cha mkalimani au cha msaidizi wa stoo? Kati ya waliojitolea hapo mwaka uliopita, ni wangapi walipata mkataba, na kwa njia ya tangazo au vipi? Na nauli ya siku za kazi inarudishwa kwa utaratibu gani? Ikiwa baadhi ya majibu hayako mikononi mwako, nitashukuru kuambiwa ni nani wa kumuuliza. Nitapita ofisini Ijumaa ijayo saa nne, au nitapokea jibu kwa simu wakati wowote. Kwa heshima."

Ni hivyo tu. Haizidi ukurasa mmoja. Mjomba alipoisoma alishika kichwa. Alisema nimeandika barua ya hakimu. Nikamwomba anionyeshe neno moja lisilo la heshima, akalitafuta, hakuliona, lakini hakuridhika. Kwake ubaya ulikuwa katika kuuliza kwenyewe.

Ngoja nieleze maswali hayo, kwa sababu hayakupangwa ovyo. La mradi kumalizika lini ndilo la kwanza kwa kuwa linajibika bila aibu. Mratibu yeyote anaijua tarehe hiyo, na yeye mwenyewe hulala nayo. Ukiambiwa mradi unakwisha mwezi wa kumi na mbili na wewe unaombwa miezi sita kuanzia Julai, umeshajua kwamba siku ya kumaliza kwako ndiyo siku ya kufungwa kwa mlango. La cheo katika bajeti ndilo moyo. Jibu lake la kweli ni "kipo" au "hakipo." Jibu la "itategemea na wafadhili" nalo ni jibu: maana yake hakipo, na hakuna ombi lililokwisha kupelekwa. Ukisikia "kipo kwenye mradi tuliouomba, tunangoja mwezi wa tisa," hiyo ni ahadi yenye miguu, hata kama itaanguka. La tatu, la waliotangulia, ndilo linalouma, na kwa hiyo nililiweka ndani badala ya mwanzoni. Maneno ya mtu juu ya kesho hayana uzito kama mambo yaliyotokea jana. Shirika ambalo kati ya wajitoleaji wake wawili wamepata mkataba litakuambia kwa furaha, litakutajia hata na majina. Shirika ambalo hakuna aliyepata litazungumza juu ya "uzoefu."

Swali la nauli linaonekana dogo kando ya wenzake. Mimi naliona ndilo la kiutu kuliko yote. Nauli isiporudishwa, anayejitolea halipwi na zaidi ya hapo analipa, na hapo watakaobaki ghalani ni wale tu ambao baba zao wana gari. Halafu shirika litashangaa kwa nini wakalimani wake hawajui lugha ya kambini.

Na sentensi ile ya "nani wa kumuuliza" niliiweka kwa ajili ya mratibu mwenyewe. Inampa mlango wa kutokea. Mtu akiulizwa jambo asilo na mamlaka nalo, halafu asiachiwe njia ya kusema "si mimi," atanyamaza, na wewe utadhani amekudharau.

Jibu lilikuja. Halikuja kwa barua. Ijumaa nilipopita alinipokea yeye mwenyewe, akafunga mlango, barua yangu ikiwa mezani. Alinijibu swali kwa swali. Mradi ungekwisha Desemba. Cheo hakikuwamo, wala hapakuwa na ombi jipya lenye cheo hicho. Mwaka uliotangulia walikuwa na wajitoleaji saba pale ghalani, na hakuna hata mmoja aliyepata mkataba hapo, ingawa mmoja alipata kazi kwingine kwa karatasi ya ushuhuda waliyompa. Nauli ilirudishwa siku za kugawa tu, kwa sababu siku hizo zina mstari wake. Kisha akanyamaza kidogo, akasema, "Mwanangu, nimeajiriwa hapa kwa mikataba ya miezi mitatu mitatu. Na mimi sijui Januari." Sikuwa nimejiandaa kwa neno hilo. Nilikuwa nimekuja na hasira yangu iliyopigwa pasi, nikakuta aliyekaa upande wa pili wa meza naye analima kwa utabiri.

Hilo halikubadilisha hoja yangu, liliiongezea nguvu. Kama hata yeye hajui, basi yale maneno "huenda ikazaa kazi" hayakuwa na mwenyewe pale ofisini. Yalikuwa yanaelea tu, yanarithishwa kutoka mahojiano hadi mahojiano.

Tuliongea nusu saa. Nilimwambia kwamba siku tatu kwa juma kwa miezi sita sitaweza kwa masharti hayo, ila ninaweza kwenda na timu siku za kugawa, ambazo nauli yake ipo, mpaka Desemba. Nikaomba jambo moja ambalo halimgharimu mfadhili yeyote: kwamba ushuhuda wangu mwishoni uandikwe kwa kazi niliyoifanya, "mkalimani wa Kiswahili, Kirundi na Kifaransa katika ugawaji," pamoja na idadi ya siku, badala ya lile neno moja "mjitoleaji" linaloweza kuwa na maana ya kufagia na linaloweza kuwa na maana ya kutafsiri kwa daktari. Yule mmoja kati ya saba alipata kazi kwa sababu karatasi yake ilikuwa imetaja fishi za stoo kwa jina. Mratibu alikubali, akaliandika hilo kwenye karatasi ya makubaliano, tukatia sahihi wote wawili.

Sasa lazima niseme upande uliopotea, nisije nikaonekana nauza dawa ya kila homa. Ile nafasi ya siku tatu ghalani alipewa mwenzangu wa mwaka mmoja nyuma yangu, ambaye hakuuliza kitu. Anaweza kusema kwamba adabu yake imemshindia. Na yapo mashirika ambayo barua kama yangu ingetiwa kapuni siku ileile na jina langu kuzungushiwa duara. Mwanafunzi ambaye hana pa kulala, au anayehitaji ile fulana tu ili apite kizuizini kwenda kumwona nduguye kambini, ana haki ya kunyamaza, nami sitamhukumu. Lakini kwa sisi wengine, waliobaki, hasara ya kukataliwa kwa kuuliza ni juma moja. Hasara ya kutouliza ni saa 360.

Mwenzangu huyo tulikutana Novemba getini, yeye anatoka ghalani, mimi nashuka kwenye gari la kugawa. Alikuwa amechoka, viatu vimejaa vumbi la unga wa mahindi. Aliniuliza kama nimesikia lolote juu ya Januari. Nilimwambia nilichoambiwa tangu Julai. Alinitazama kwa muda mrefu, kisha akaniuliza barua ile niliiandika vipi, na kama bado ninayo ile nakala yenye muhuri. Ninayo. Nimemwazima, na hajairudisha.